Je, wajua? Faida miaka mitano mfululizo, na bado korelesheni ni hasi

"Vitega uchumi vyangu viwili vimeleta faida kila mwaka kwa miaka mitano, hakuna hata kimoja kilichopata hasara. Inakuwaje korelesheni yake itoke hasi? Na hesabu hiyo naweza kuifanya kwa mkono?"

Kwa sababu korelesheni haijui hasara ni nini. Haiulizi kama kitega uchumi kilipanda au kilishuka. Inauliza kama mwaka ule kilifanya vizuri au vibaya kuliko kawaida yake chenyewe, na kama mwenzake, mwaka uleule, alifanya vizuri au vibaya kuliko kawaida yake naye. Mstari wa kulinganishia si sifuri, ni wastani wa kila kimoja. Na ndiyo, hesabu inafanyika kwa kalamu na karatasi. Unachohitaji ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kutafuta vipeuo vya pili.

Dhana potofu iliyozoeleka ni kwamba korelesheni hasi maana yake kimoja kikipata, kingine lazima kipoteze. Mtu akiona safu mbili za namba zote chanya huwa ameshaamua kwamba korelesheni itakuwa chanya, hata kabla hajakokotoa chochote. Fikiria wanafunzi wawili. Mmoja amezoea kupata alama 80, mwingine 50. Muhula huu, mwanafunzi wa kwanza amepata 72 na wa pili 58. Ukitazama alama tu, wote wamefaulu, na wa kwanza bado yuko mbele sana. Ukitazama kila mmoja dhidi ya kawaida yake, wa kwanza amerudi nyuma alama 8 na wa pili amesogea mbele alama 8, kwa hiyo wamekwenda pande tofauti. Sasa kama hali hiyo inajirudia, yaani kila mara huyu anaposogea yule anarudi, korelesheni yao ni hasi hata kama hakuna aliyewahi kufeli. Wastani ndio uliobeba habari ya kufaulu, na sisi tumeshautoa kabla hatujaanza kuzidisha.

Tulione jambo hilo kwa namba. Mfano huu nimeutunga makusudi ili wastani utoke namba nzima. Faida za kila mwaka, kwa asilimia, ni hizi:

| Mwaka | A | B | Mkengeuko wa A | Mkengeuko wa B | Zao |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 | 12 | 5 | 2 | -1 | -2 |
| 2 | 6 | 9 | -4 | 3 | -12 |
| 3 | 14 | 4 | 4 | -2 | -8 |
| 4 | 8 | 7 | -2 | 1 | -2 |
| 5 | 10 | 5 | 0 | -1 | 0 |

Jumla ya A ni 50, wastani wake 10. Jumla ya B ni 30, wastani wake 6. Mkengeuko ni faida ya mwaka husika ukitoa wastani huo. Kabla ya kuendelea, jumlisha kila safu ya mikengeuko. Lazima upate sifuri, na usipopata, umekosea wastani au kutoa, na huna haja ya kwenda mbele.

Safu ya mwisho ndiyo moyo wa kazi. Mwaka wa 2, A ilipata asilimia 6. Ni faida, lakini kwake ni mwaka mbaya, pungufu ya kawaida kwa 4. B mwaka huo ilipata 9, juu ya kawaida kwa 3. Hasi mara chanya ni hasi, kwa hiyo zao ni -12. Kila mwaka ambao viwili hivi vimekwenda pande tofauti za wastani wake unaleta zao hasi. Vikienda upande mmoja, iwe juu au chini, zao ni chanya. Mwaka wa 5 A ilikaa palepale kwenye wastani, ikatoa sifuri, na mwaka huo haukuchangia kitu.

Jumla ya mazao ni -24. Ukiigawa kwa 4, yaani idadi ya miaka ukitoa moja, unapata kovariansi ya sampuli: -6. Tunatoa moja kwa sababu wastani wenyewe tuliupata kutoka kwa data hizihizi, na ukijua mikengeuko minne, ya tano huwa imeshajulikana.

Sasa, -6 ni nyingi au ni kidogo? Peke yake haisemi. Ukiandika faida kama desimali, 0.12 badala ya asilimia 12, kovariansi ileile inakuwa -0.0006, ingawa hakuna kilichobadilika kwenye soko. Ndiyo sababu tunaigawa kwa mikengeuko sanifu ya pande zote mbili, vipimo vikafutana.

Mraba wa mikengeuko ya A ni 4, 16, 16, 4 na 0, jumla 40. Gawa kwa 4, variansi ni 10, na kipeuo chake cha pili, ndicho mkengeuko sanifu, ni 3.162. Kwa B miraba ni 1, 9, 4, 1 na 1, jumla 16. Variansi ni 4 na mkengeuko sanifu ni 2. Basi:

```
r = -6 / (3.162 × 2) = -6 / 6.325 = -0.949
```

Korelesheni haivuki -1 wala +1, kwa hiyo -0.949 ni karibu na upinzani kamili. Na hivi ni vitega uchumi viwili ambavyo havijawahi kupoteza hata senti.

Ajabu zaidi inatokea mtu akikokotoa kwa thamani badala ya faida. Anza kila kimoja na 100. Baada ya miaka mitano A imefika karibu 160.8 na B karibu 133.7, zote zikipanda kila mwaka. Ukichukua thamani za mwisho wa kila mwaka ukazipitisha kwenye hatua zilezile, unapata karibu +0.98. Vitega uchumi ni vilevile, miaka ni ileile, ila alama imegeuka. Hesabu ya pili haina kosa la kuzidisha. Imepima tu kwamba vyote viwili vinakua kadiri muda unavyokwenda, jambo ambalo halikuhitaji hesabu. Kwa hiyo ukikuta korelesheni ya juu mno, kwanza uliza kama safu zilizoingizwa ni za faida au za bei.

Namba ile hasi ina kazi gani? Gawa fedha nusu kwa nusu kati ya A na B. Faida za mchanganyiko zinakuwa 8.5, 7.5, 9, 7.5 na 7.5, wastani 8. Variansi yake ni 0.5 na mkengeuko sanifu ni kama 0.71, wakati A peke yake ina 3.16 na B ina 2. Wastani wa faida umekaa katikati kabisa ya 10 na 6, lakini mtikisiko umeshuka chini ya ule wa kilicho tulivu zaidi. Harry Markowitz aliliweka jambo hili katika hesabu mwaka 1952, na mwaka 1990 akawa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Kosa la mkono linalojirudia mno liko kwenye kugawa. Ukigawa kwa 5 mwanzo hadi mwisho, kovariansi inakuwa -4.8, mikengeuko sanifu nayo inapungua, na korelesheni inabaki -0.949. Shida ni kuchanganya. Kovariansi iliyogawiwa kwa 4 pamoja na mikengeuko sanifu iliyogawiwa kwa 5 inakupa -1.19, namba isiyowezekana, na hilo ni kosa lenye adabu kwa sababu linajitangaza. Mchanganyo wa kinyume ndio wenye hila: -4.8 kugawa kwa 6.325 ni -0.76, namba inayoonekana ya kawaida kabisa. Katika Excel unaangukia hapo ukitumia `COVARIANCE.P` pamoja na `STDEV.S`. Kinga yake ni kuhakikisha kwa `CORREL`, au kwa mkono kugawa -24 kwa kipeuo cha pili cha 40 × 16, maana hapo ile 4 au 5 haiingii kabisa.

Limebaki suala la uzito wa jibu lenyewe. Kwa jozi tano tu za namba, kwa kipimo cha kawaida cha asilimia 5, korelesheni inapaswa kuvuka 0.878, bila kujali alama, ndipo tuseme haielekei kuwa bahati tu. Yetu imevuka. Ukiufuta mwaka wa 2, uliobeba nusu ya ile -24, kisha ukakokotoa upya kwa wastani mpya, unapata -0.92. Inaonekana imara.

Ongeza mwaka wa sita ambao A imeanguka asilimia 20 na B asilimia 6. Wastani wa A unashuka hadi 5 na wa B hadi 4. Mkengeuko wa mwaka huo ni -25 kwa A na -10 kwa B, zao lake 250. Jumla ya mazao yote sasa ni 276, na korelesheni ni +0.84. Mwaka mmoja umebeba 250 kati ya 276. Kwa hiyo isome safu ya mazao kabla ya kusoma jibu, ujue ni mwaka gani uliolipa jibu hilo nguvu.

Mwaka wa namna hiyo haukutungwa na wapenda hesabu. Mwaka 2022 hisa za Marekani, kwa fahirisi ya S&P 500, zilipoteza takriban asilimia 18 hata gawio likihesabiwa, na fahirisi pana ya hatifungani za nchi hiyo ikapoteza takriban asilimia 13. Wengi walikuwa wamezishika pamoja kwa kutegemea kwamba moja itaegemeza nyingine.

Wengine hutumia faida za kila mwezi ili wapate jozi 60 badala ya 5. Makadirio yanatulia kweli, ingawa korelesheni ya miezi si lazima ilingane na ya miaka. Ila miezi 60 iliyokatwa kutoka miaka mitano isiyo na anguko nayo haina anguko ndani yake.