Kugonga Meza Si Ushirikina

Jumatatu iliyopita, kwenye mkutano wetu wa asubuhi, Mama Shiru wa stoo alisema kwamba jenereta haijatusumbua tangu Januari, kisha akagonga meza mara mbili kwa kifundo cha kidole. Desturi ni kugonga mbao ukishasema jambo jema, lisije likageuka, ingawa meza yenyewe si mbao hasa. Ni vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi na kuvishwa plastiki ya rangi ya mninga. Jamaa wa uhasibu akadakia, "Mama Shiru, acha ushirikina!" Watu wakacheka, mkutano ukaendelea, mimi nikabaki palepale kwenye hilo neno. Ni mara ya tatu mwezi huu nalisikia likitupwa hivyo. Mara ya kwanza lilirushiwa kikiatu cha mtoto kilichoning'inia kwenye kioo cha matatu, na mara ya pili mpangaji aliyekataa nyumba namba 13.

Maana tuimalize haraka. Kinachozungumziwa ni kile Waingereza wanachokiita superstition, yaani imani kwamba tendo, kitu au namba fulani huleta heri au huzuia shari, ingawa hakuna njia inayojulikana ya kimoja kukifikia kingine. Kidole kinagonga meza, jenereta iko nyuma ya jengo, na katikati hakuna waya. Hapo ndipo ilipo dhana yote, na kamusi nyingi huitafsiri kwa neno moja: ushirikina.

Neno hilo ndilo linaloniwasha. Asili yake ni Kiarabu, kwenye mzizi wa sh-r-k, wenye maana ya kuwa na fungu pamoja na mwingine. Kutoka mzizi huo tumepata shirika, mshiriki, kushirikiana na chama cha ushirika, kile kinachokukata akiba kila mwisho wa mwezi. Katika dini ya Kiislamu, shirki ni kumpa Mungu mshirika, yaani kukielekezea kitu kingine ibada au uwezo ulio wake peke yake. Afanyaye hivyo kwa Kiarabu ni mushrik, na wakiwa wengi ni mushrikina. Waswahili waliwasikia hao wengi wakitajwa katika kisomo, wakamfanya mmoja wao kuwa mshirikina na tendo lake kuwa ushirikina. Kwa hiyo ile "na" ya mwishoni, ambayo watu hudhani ni kiungo cha Kibantu kama ile ya kupendana na kupigana, ni mkia wa wingi wa Kiarabu uliokwama kwetu.

Basi neno lilianza likiwa na kazi maalumu. Lilijibu swali moja tu: unamwelekea nani? Mtu akichinja kuku mweupe chini ya mbuyu ili mwenye mbuyu ampe mtoto, pana anayeombwa, na shehe ana haki ya kulitumia neno hilo kwa sababu ni lake. Hata juu ya hirizi, ambalo pia ni neno la Kiarabu lenye maana ya kinga au ngome, wanazuoni wenyewe hawajakubaliana. Wapo wanaoiruhusu ikiwa ndani yake mna aya za Kurani tupu, na wapo wanaoikataa hata hivyo. Ubishi wao ni huohuo: aliyeivaa anamtegemea nani?

Sasa mrudie Mama Shiru. Alipogonga meza alimwomba nani? Hakuomba chochote kwa yeyote. Hakuna mzimu wa meza. Ukimuuliza atakuambia ni mazoea tu, na Jumapili utamkuta kanisani kiti cha mbele.

Cha kuchekesha ni kwamba Kiarabu kina neno jingine kabisa kwa jambo hili, khurafa, yaani imani isiyo na mguu wala kichwa. Hadithi yake ni kwamba Khurafa alikuwa mtu wa kabila la Udhra aliyechukuliwa na majini, akarudi na masimulizi ambayo hakuna aliyeyaamini, hata jina lake likawa jina la kila kisichosadikika. Neno hilo lilifika kwetu pia. Kila aliyesoma fasihi simulizi shuleni amekutana nalo: hurafa, ngano za sungura na fisi. Kwa hiyo neno lililofaa lilipelekwa darasani kuwafundisha wanyama kuzungumza, na lile la mahakama ya dini likapewa kazi ya kuhukumu kifundo cha kidole.

Kosa la pili limezaliwa na la kwanza. Kwa kuwa ushirikina una harufu ya dhambi, magazeti yamelifanya kisawe cha uchawi. Timu ikimwaga kitu langoni, ni ushirikina. Mzee akisingiziwa kuroga, ni ushirikina. Lakini Kenya ina Sheria ya Uchawi tangu 1925, Sura ya 67, nayo inamlenga anayejidai kuwa na uchawi kwa nia ya kutisha, kuudhi au kudhuru watu. Humo hamna kifungu cha kugonga meza. Kuyaweka yote kwenye kapu moja ni hatari kwa wazee wanaosingiziwa, na ni upuuzi kwa Mama Shiru.

Na hilo la mbao si mila ya mababu zetu, kama anavyopenda kusema jamaa wa uhasibu. Tumelichukua kwa Waingereza pamoja na chai ya saa nne. Hata huko kwao, hadithi za mizimu ya miti na mbao za msalaba ni makisio ya baadaye. Maandishi yanayolitaja ni ya karne ya 19, na yapo yanayohusu mchezo wa watoto wa kukimbizana, ambapo aliyeshika mbao hakamatwi.

Kwa nini basi linadumu? Utafiti uliochapishwa 2014 na Yan Zhang, Jane Risen na Christine Hosey una jibu ninalolipenda. Watu walifanywa watamke neno la kujiamini kupita kiasi, mfano kwamba wao na watu wao hawawezi kupata ajali mbaya. Kisha wengine wakagonga meza kwa juu, mkono ukisukuma kwenda mbali na mwili, na wengine wakaigonga kwa chini, mkono ukija upande wa mwili. Waliosukuma mbali ndio waliobaki na hofu ndogo ya hiyo ajali. Kurusha mpira, tendo lisilohusiana na mbao hata kidogo, kulifanya kazi ileile. Nguvu haikuwa kwenye mbao, ilikuwa kwenye kusukuma. Bibi yangu hakusoma utafiti huo, lakini neno lake lilikuwa "Mungu apishe mbali", na mkono wake ulikuwa ukipunga kuelekea mlangoni.

Tazama lakini kwamba kilichopungua ni hofu. Ajali haikuguswa. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya mazoea haya kutokufa: yanalipa papo hapo, na malipo yanaingia moyoni, mahali ambapo mgongaji anayahisi.

Sababu ya pili niliiona katika soko la Gikomba, Nairobi. Nilifika kwa muuza viatu vya mitumba kabla ya saa moja asubuhi, akaniambia, "Nifungulie, boss," yaani niwe mteja wake wa kwanza siku hiyo. Kiatu cha mia nane kikashuka hadi mia tano bila vita. Alipopokea noti aligusa nayo paji la uso, akaipitisha juu ya viatu vilivyobaki, akipigapiga pea moja moja, ndipo akaitia mfukoni. Nikamuuliza ni ya nini. "Ya kuita wengine." Na siku wasipokuja? Akaniangalia kama mtoto. "Hiyo siku aliyefungua alikuwa na nuksi."

Hilo jibu linastahili kuangaliwa polepole. Biashara ikienda vizuri, noti imefanya kazi. Ikilala, noti haina kosa, mteja ndiye mbaya. Hakuna siku inayoweza kumwonyesha kwamba kupigapiga hakusaidii, kwa sababu hajawahi kuacha kufanya hivyo hata siku moja akaona kitakachotokea. Halafu kuna kipande cha ukweli kimejificha ndani. Muuzaji wa kwanza kuuza anapata chenji, na kibanda kilichosimamisha mteja huvuta macho ya wapita njia. Punguzo la mia tatu lilinunua vitu hivyo viwili. Sifa ikaenda kwa noti.

Mwaka 1948 mwanasaikolojia Mmarekani B. F. Skinner alichapisha jambo linalofanana na hilo, kwa njiwa. Aliwaweka njiwa wenye njaa ndani ya kisanduku, chakula kikaletwa kwa vipindi maalumu, kwa mfano kila baada ya sekunde 15, bila kujali ndege anafanya nini. Kati ya wanane, sita walizuka na vituko dhahiri. Mmoja alizunguka kinyume cha saa mara mbili tatu kati ya mlo na mlo, mwingine akawa anachomeka kichwa kwenye pembe ya juu ya kisanduku. Walikuwa wakifanya hivyo chakula kilipotokea, wakarudia, na kwa kuwa chakula kilikuwa kinakuja tu, kilizidi kuwakuta wakirudia. Mmoja aliyezoeshwa kurukaruka huku na huku aliendelea zaidi ya mara 10,000 baada ya chakula kukatwa. Nisimpe Skinner yote: Staddon na Simmelhag walipolirudia jaribio, wakachapisha 1971, waliona kwamba karibu na saa ya mlo njiwa wengi huishia kudonoa, kwa hiyo vituko si vya kubahatisha tu kama alivyodhani. Lakini kile kitu cha kurudia kwa sababu mambo hayajaharibika, kila mwenye jenereta anakijua. Siku nyingi jenereta haiharibiki, ugonge usigonge.

Namba zina ujanja wake. Jengo moja Kilimani lina lifti inayotoka 12 kwenda 12A kisha 14. Nilimuuliza mlinzi kama mwenye jengo anaogopa 13. Hapana, anaogopa kukosa mpangaji anayeiogopa. Imani hiyo inaweza kuishi hata kama ndani ya jengo hakuna anayeiamini. Usiichanganye na "kenda muiyuru" ya Wakikuyu, tisa iliyojaa, wanavyozitaja koo zao ilhali ukihesabu ni kumi. Hapo namba haina kosa. Kinachoepukwa ni kumaliza hesabu ya watu, kana kwamba kuifunga ni kuialika balaa. Huo ni mwiko, na mwiko ni neno letu wenyewe.

Maneno tunayo, ndugu wa uhasibu. Kinachoepukwa ni mwiko, kinachovaliwa au kutundikwa kwa kinga ni kago, dalili inayosomwa njiani ni ndege, njema au mbaya. Na kifundo cha Mama Shiru, ukikosa pa kukiweka, kiite imani ya nuksi. Nilimwambia hivyo kwenye chai, taratibu, maana ni mtu mzuri na ndiye anayeidhinisha malipo yangu. Akakubali kwamba ushirikina ni neno zito mno kwa meza ya plastiki. Kisha akasema mwaka huu hajawahi kuchelewesha mshahara wa mtu, na nikaona vidole vyake vikitafuta ukingo wa benchi.