Juisi ya Bitiruti na Shinikizo la Damu: Maswali na Majibu

Ni kweli juisi ya bitiruti inashusha presha, au ni maneno ya mitandaoni tu?

Ni kweli, ila kwa kiasi chenye mpaka. Katika utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2015, watu wenye shinikizo la juu la damu walikunywa mililita 250 za juisi hiyo kila siku kwa wiki 4, huku kundi la pili likinywa juisi ya namna hiyohiyo ambayo nitrati yake, kemikali ya asili inayoshusha presha, ilikuwa imeondolewa. Waliokunywa yenye nitrati walishuka kwa wastani wa takriban vipimo 8 kwenye namba ya juu ya presha. Wenzao hawakupata nafuu hiyo. Wiki 2 baada ya kuacha kunywa, shinikizo la waliokunywa yenye nitrati lilikuwa limerudi lilipokuwa mwanzo. Naomba msomaji azishike habari zote mbili, ya vipimo 8 na ya kurudi, kwa sababu wengi hubeba ya kwanza peke yake.

Inafanyaje kazi mwilini?

Bitiruti hufyonza nitrati kutoka ardhini na kuihifadhi. Unapoinywa, nitrati huingia kwenye damu kupitia utumbo mwembamba, kisha sehemu yake hurudishwa kinywani pamoja na mate. Huko, bakteria wanaoishi nyuma ya ulimi huigeuza kuwa nitriti. Unapomeza mate, nitriti hiyo huingia mwilini na kuzaa oksidi ya nitriki, gesi inayolegeza kuta za mishipa ya damu. Mishipa ikilegea, damu hupita kwa msukumo mdogo zaidi. Safari hiyo huchukua saa 2 hadi 3.

Kwa hiyo bila bakteria wa ulimi kazi hii haifanyiki. Anayesukutua kinywa kila asubuhi kwa dawa kali ya kuua vijidudu, kisha akanywa juisi yake, anajinyima sehemu kubwa ya faida aliyoitafuta. Kupiga mswaki kwa dawa ya kawaida ya meno kunatosha, isipokuwa daktari wa meno amekuandikia dawa ya kusukutua kwa ugonjwa maalumu.

Nimekunywa juisi siku kadhaa, nimeacha vidonge, na nikipima presha iko sawa. Si ina maana sasa sihitaji dawa?

Hapana. Kipimo hicho kinakudanganya, na hili ndilo ninalokutana nalo mara kwa mara kwa wagonjwa wanaorudi kliniki wakiwa na hali mbaya kuliko walivyoondoka.

Tuchukue mfano wa mama mwenye miaka 58 ambaye shinikizo lake, kabla ya matibabu, lilikuwa 172 kwa 104. Akaanzishiwa amlodipini, likashuka hadi 138 kwa 86. Jirani akamsifia bitiruti, naye akaweka vidonge kabatini. Siku ya tatu akapima, akakuta 140 kwa 86, akafurahi na kuwaambia wengine. Asichokijua ni kwamba amlodipini hutoka mwilini polepole. Kidonge alichomeza kabla ya kuacha bado kilikuwa kinamfanyia kazi, na sifa ikaenda kwa juisi. Zaidi ya hapo, alipima saa 2 baada ya kunywa, yaani wakati juisi iko kwenye kilele chake.

Sasa hesabu ya wiki mbili baadaye ni rahisi. Dawa imekwisha mwilini, shinikizo lake la asili ni 172, na juisi ikimpa nafuu yote ya vipimo 8, anabaki na 164. Hilo ni shinikizo la kupasua mishipa ya ubongo na kuharibu figo, na wala hahisi chochote, kwa kuwa shinikizo la juu kwa kawaida haliumi. Usiache dawa kwa sababu ya juisi. Usipunguze nusu kidonge, usiruke siku, usimeze "pale kichwa kinapouma" tu. Baadhi ya dawa nyingine za shinikizo, kama atenololi, zikikatishwa ghafla zinaweza kuuchokoza moyo ndani ya siku chache. Ikiwa dawa inakuvimbisha miguu au inakukosesha raha, njoo useme. Dawa zipo za aina nyingi na tunaweza kukubadilishia.

Basi ni nani anafaidika kwa kuinywa kila siku?

Wa kwanza ni mtu ambaye namba yake imeanza kupanda, tuseme 136 kwa 86, na daktari ameona bado hahitaji dawa. Kwake vipimo vichache vina uzito. Wa pili ni yule anayemeza dawa zake bila kukosa na bado namba yake ya juu imesimama kidogo juu ya lengo. Katika utafiti wa London walikuwemo watu wanaotumia dawa, nao walinufaika. Kijana mwenye shinikizo la kawaida asitarajie mengi.

Pima ukiwa umekaa na kupumzika dakika 5, asubuhi kabla ya kunywa chochote, kwa wiki moja kabla ya kuanza na tena baada ya wiki 4 za kunywa. Kama namba hazikusogea, usijilazimishe.

Nitengeneze vipi, na kiasi gani?

Glasi moja ya mililita 250 kwa siku inatosha. Saga bitiruti mbichi zilizooshwa vizuri, uchuje, usiongeze sukari. Ukizichemsha na kumwaga maji, nitrati nyingi inakwenda na maji hayo. Kunywa siku hiyohiyo au weka kwenye jokofu, kwani juisi inayolala mezani kwenye joto huwapa bakteria nafasi ya kugeuza nitrati kuwa nitriti humohumo kwenye chupa. Mtoto mchanga asipewe kabisa. Na kama bitiruti ni ghali sokoni kwenu, mchicha nao una nitrati nyingi, mradi usimwage maji yake na usiujaze chumvi.

Nani asiinywe?

Mwenye ugonjwa wa figo, kwa sababu ya potasiamu, na aliyewahi kupata mawe ya figo, kwa sababu ya oksalati, waulize kwanza wanaowatibu. Mwenye kisukari akumbuke kwamba glasi hiyo ina sukari yake ya asili. Anayetumia vidonge vya kuweka chini ya ulimi kwa maumivu ya moyo amweleze daktari wake. Mkojo au choo kuwa chekundu baada ya kunywa ni rangi tu ya bitiruti. Wekundu huo ukiendelea siku mbili baada ya kuacha juisi, nenda ukapimwe.

Baba amepinda mdomo ghafla na mkono umelegea. Tumpe juisi ishuke kwanza, ndipo tumpeleke?

Msimpe juisi. Msimpe kitu chochote mdomoni, kwa kuwa mwenye kiharusi anaweza kushindwa kumeza na kinywaji kikaingia kwenye mapafu. Msisubiri saa 3 za juisi kufanya kazi, wala msisubiri kukuche. Mpelekeni hospitali sasa hivi, hata kama mdomo umeanza kurudi mahali pake, mkiwa na dawa zake zote mkononi, na mumweleze daktari saa ambayo alionekana mara ya mwisho akiwa mzima.