Dipoziti si kodi ya mwezi wa mwisho

Siku hizi ukitafuta nyumba hapa Mwanza, iwe Nyegezi, Buzuruga au Isamilo, dalali anakuambia, "Mwenye nyumba anataka dipoziti ya miezi sita." Anachomaanisha ni kodi ya miezi sita ya mbele. Mpangaji naye, akikaribia kuhama, anasema, "Mwezi wa mwisho silipi, akate kwenye dipoziti." Mkataba wenyewe upo kwenye droo, kurasa nne za Kiingereza, na unasema jambo tofauti kabisa na wote wawili. Nimelisikia hili mara nyingi mno, na kwa kuwa wanaoumia ni watu wenye kipato cha kubana, naona lisemwe kwa utaratibu.

Maana zenyewe ni fupi. Dipoziti, au amana, ni fedha ya mpangaji inayoshikwa na mwenye nyumba kama dhamana ya uharibifu na madeni, na hurudishwa mpangaji akiondoka salama. Notisi ni taarifa ya kuvunja upangaji inayotolewa muda fulani kabla. Kifungu cha kupangisha mtu mwingine kinaeleza kama wewe uliyepanga unaweza kumweka mwingine mahali pako. Hayo watu wengi wanayajua. Kinachowapotosha ni kuchanganya fedha mbili zinazotolewa siku moja kwa mkono mmoja.

Ukichukua kreti ya soda dukani kwa ajili ya shughuli, unalipa bei ya soda, kisha unaacha fedha ya chupa. Wageni wakinywa soda zote, fedha ya chupa haijaguswa. Chupa moja ikivunjika, inakatwa thamani ya chupa hiyo na salio unarudishiwa. Kodi ya mbele ni bei ya soda: kila mwezi unaopita inaliwa, mpaka iishe. Dipoziti ni fedha ya chupa. Haiishi kwa kukaa, na siku ya kukutana nayo ni siku ya kurudisha funguo.

Tuchukue nyumba ya kodi ya shilingi 250,000 kwa mwezi. Mkataba ni wa mwaka mmoja, unaanza tarehe 1 Februari. Mpangaji analipa miezi sita, yaani shilingi 1,500,000, na dipoziti ya mwezi mmoja, shilingi 250,000. Jumla ametoa shilingi 1,750,000. Sasa angalia stakabadhi. Ikiandikwa "dipoziti 1,750,000", mpangaji hana ushahidi wa kodi aliyolipa. Ikiandikwa "kodi 1,750,000", amelipa miezi saba na hana dipoziti ya kudai. Nimeona zote mbili, na mara nyingi hakuna aliyekusudia ubaya. Aliyeandika alikuwa na haraka, na aliyepokea alitazama jumla tu. Stakabadhi iliyo sawa ina mistari miwili: kodi kuanzia 1 Februari hadi 31 Julai, shilingi 1,500,000, na dipoziti ya kurudishwa, shilingi 250,000. Neno "ya kurudishwa" liwemo.

Mikataba hii ya Kiingereza ina sentensi moja ambayo wengi huiruka. Inasema mpangaji hataruhusiwa kuitumia dipoziti kama kodi, nzima au sehemu yake. Sababu yake ni ya kueleweka. Siku unapohama, ankara ya mwisho ya maji ya MWAUWASA bado haijatoka. Umeme wa LUKU umelipiwa kabla, lakini maji yanakuja na deni baada ya kutumika. Mwenye nyumba pia hajaingia ndani kukagua. Tuseme ankara inakuja na shilingi 38,000, na sinki la kunawia limepasuka, fundi anasema shilingi 65,000. Dipoziti inatoa hizo 103,000 na mpangaji anarudishiwa 147,000. Kama mpangaji alishaila dipoziti kwa mwezi wa mwisho, mwenye nyumba hana chochote mkononi, na mpangaji aliyekwishafika Bukoba anadaiwa 103,000, pamoja na kosa la kutolipa kodi kwa wakati.

Upande wa pili nao una mipaka. Rangi ya ukuta iliyofifia kwa miaka, bawaba iliyolegea, sakafu iliyochubuka pale watu wanapopita kila siku, huo ni uchakavu wa kawaida, na mikataba mingi inautoa nje ya makato. Mwenye nyumba akikata shilingi 90,000 za kupaka rangi upya kwa ajili ya mpangaji ajaye, anatumia fedha ya mpangaji aliyetoka kwa kazi isiyomhusu. Ndiyo maana picha za siku ya kuingia, chumba kwa chumba, pamoja na usomaji wa mita ya maji, zina uzito kuliko maneno.

Kuna mikataba mingine imenakiliwa ilivyo kutoka Uingereza. Utakuta kifungu kinachosema dipoziti itawekwa kwenye skimu ya kulinda amana ndani ya siku 30. Uingereza utaratibu huo upo tangu 2007: mwenye nyumba lazima ailinde fedha hiyo kupitia skimu iliyoidhinishwa na serikali. Kwetu hakuna skimu ya namna hiyo. Fedha inakaa kwa mwenye nyumba mwenyewe, kwa hiyo kifungu hicho hakikulindi hata kama kimeandikwa vizuri. Kifutwe, na mahali pake paandikwe ni nani anaishika dipoziti na atairudisha siku ngapi baada ya kukabidhiwa funguo.

Notisi ndiyo inayosababisha watu waiguse dipoziti, kwa hiyo turudi kwa mpangaji wetu. Mkataba wake unataka notisi ya miezi miwili, kwa maandishi, inayoishia mwisho wa mwezi wa kodi. Tarehe 12 Mei anapata habari ya uhamisho. Anampigia simu mwenye nyumba siku hiyo hiyo, "Mzee, nahamishwa, mwisho wa Julai natoka." Mzee anajibu, "Hamna shida, mwanangu." Mpangaji anatulia. Barua anaipeleka tarehe 3 Juni.

Kwa mujibu wa mkataba, simu ile haikuanzisha kitu. Hesabu inaanza tarehe 3 Juni. Miezi miwili inafika 3 Agosti, na kwa kuwa notisi lazima iishie mwisho wa mwezi wa kodi, inasogea hadi 31 Agosti. Kodi aliyolipa imeisha 31 Julai. Anadaiwa Agosti nzima, shilingi 250,000. Barua ingefika tarehe 31 Mei, notisi ingekwisha siku ileile kodi inapokwisha, na asingedaiwa senti. Siku tatu zimemgharimu mwezi. Hapo ndipo anaposema "kata kwenye dipoziti", na mzee, ambaye jana alimwita mwanangu, anakunja uso.

Basi ukishapewa habari ya kuhama, andika barua kwanza, simu ifuate. Nakala mbili, moja isainiwe na anayepokea pamoja na tarehe. Kama mkataba unakubali ujumbe wa simu au barua pepe, utasema hivyo kwenye kifungu cha mwishomwisho kinachohusu taarifa. Kama haukusema, karatasi ndiyo salama. Watu hukisoma kifungu cha kodi mara tatu na hiki hawakigusi.

Sasa la kumweka mtu. Mpangaji wetu anaweza kufikiri njia nyingine: kodi imelipwa hadi Julai, yeye anaondoka katikati ya Juni, basi mfanyakazi mwenzake aingie akae wiki zilizobaki. Bure kabisa, hamtozi hata shilingi. "Sijampangisha mtu," anasema, "nimemsaidia tu."

Kifungu cha Kiingereza kina vitendo vitatu, ingawa wengi hukitafsiri kwa neno moja, usipangishe. Cha kwanza ni kuhamisha upangaji, yaani mwingine achukue mkataba wako wote na kuwa mpangaji badala yako. Cha pili ni kupangisha, yaani wewe unabaki mpangaji kwa mwenye nyumba, na huyo anakuwa mpangaji kwako. Cha tatu ni kuachia nyumba mikononi mwa mwingine, kwa malipo au bila malipo. Mfanyakazi mwenzake ameingia kwa kitendo cha tatu. Kutomtoza hakubadilishi kitu, kwa sababu kinachokatazwa ni wewe kutokuwepo na mwingine kushika funguo.

Ndugu kuja kukaa nawe mwezi mzima ni jambo lingine. Mdogo wako akitoka Sengerema kusoma Malimbe, akalala chumba cha pili wakati wewe bado unaishi humo, hujaachia nyumba. Mkataba unaweza kuweka idadi ya wakazi, lakini hilo ni sharti jingine. Wenye nyumba nao hulikosea hili: wanamwita kila mgeni mpangaji wa kificho.

Gharama ya kosa hili inarudi kwenye dipoziti ileile. Mgeni akivunja kioo, anayedaiwa ni aliyesaini. Na ukiukaji wenyewe unampa mwenye nyumba sababu ya kuvunja mkataba mapema. Mikataba mingi inaacha mlango: kwa idhini ya maandishi ya mwenye nyumba, ambayo hatainyima bila sababu ya msingi. Ombi la ukurasa mmoja lenye jina la anayeingia, kazi yake na muda atakaokaa linatosha kuanzia. Mwenye nyumba akikubali anayeingia ahamishiwe upangaji, aandike pia kwamba wewe umefunguliwa wajibu kuanzia tarehe fulani, na dipoziti ni ya nani sasa. Bila sentensi hiyo, unaweza kuwa Bukoba na bado unadaiwa ya Nyegezi.

Wapo wanaodhani mkataba wa Kiingereza hauwafungi kwa kuwa hawakuuelewa, hasa tangu sheria ya 2021 ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Shauri likifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya mtazungumza Kiswahili, ndiyo, lakini saini yako itabaki ilipo. Wakati wa kuuliza ni kabla ya kalamu. Omba tafsiri ya vifungu hivi vitatu, isainiwe na wote wawili, na iandikwe lugha ipi itafuatwa maneno yakigongana.

Kwa hiyo dalali akisema dipoziti ya miezi sita, muulize taratibu: kodi ya mbele miezi mingapi, na dipoziti ya kurudishwa kiasi gani? Na wewe unayehama, usimwambie mwenye nyumba akate mwezi wa mwisho kwenye dipoziti kana kwamba ni haki yako. Unaweza kumwomba, naye anaweza kukubali kwa maandishi. Asipokubali, lipa Agosti, rudisha funguo, kisha dai dipoziti yako.