Kwa nini kifurushi chako kimeisha na salio bado linaonekana

Juzi dada mmoja anayeuza vitenge Kariakoo alinijia akilalamika kwamba kifurushi chake cha wiki cha GB 4, alichokinunua Jumatatu, kilikuwa kimekata Jumatano. Nilimwomba aangalie salio mbele yangu, na skrini ikaleta mistari hii:

```
Intaneti: 0 MB
Mitandao ya kijamii: 1010 MB
Usiku: 1024 MB
```

Hiyo GB 4 ya kwenye tangazo ni mafungu matatu yasiyoazimana: GB 2 za matumizi yote, GB 1 ya mitandao ya kijamii, na GB 1 inayofanya kazi usiku tu. Fungu la usiku halikuguswa kwa sababu yeye hulala mapema, na hilo halina fumbo. Kilichonishangaza ni mstari wa kati, kwani mtu anayeuza bidhaa zake Instagram na WhatsApp kutwa nzima hawezi kuwa ametumia MB 14 tu za mitandao ya kijamii.

Tulifungua mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data, tukachagua tarehe kuanzia Jumatatu. Instagram ilikuwa imekula GB 1.15, WhatsApp GB 0.5, na programu nyingine zote GB 0.31. Jumla ni GB 1.96, karibu sawa na kile ambacho mtandao ulimkata, kwa hiyo hakuna aliyemwibia. Tofauti ni kwamba simu huhesabu kwa jina la programu, ilhali mtandao huhesabu kwa kuangalia data inaelekea wapi.

Nikamuuliza kama ana VPN. Alikuwa nayo, imewashwa muda wote, na alishaisahau. VPN hufunga data zote na kuzipitisha kwenye seva yake, hivyo mtandao hauoni tena Instagram wala WhatsApp, bali unaona mkondo mmoja usiojulikana, na mkondo wa namna hiyo hukatwa kwenye fungu la matumizi yote. Ufungaji wenyewe nao huongeza data kidogo, na ndiyo maana hesabu ya mtandao ilizidi ile ya simu. Bila VPN, GB 1 ya kwanza ya mitandao hiyo ingetoka kwenye fungu lake, na Jumatano hiyo angekuwa bado na takriban GB 1 ya intaneti.

Kuthibitisha ni rahisi, ila kunataka subira, kwa sababu salio linaweza kuchelewa kusasishwa kwa dakika kadhaa. Tulizima VPN, tukatazama video chache ndani ya Instagram, tukasubiri kidogo, kisha tukaangalia salio tena: mstari wa mitandao ya kijamii ulikuwa umeshuka hadi MB 962. Nilimtahadharisha, hata hivyo, kwamba kiungo cha YouTube anachotumiwa WhatsApp huvuta data kutoka YouTube, si WhatsApp, na fungu lile halikigharamii.