Kumwomba mtu awe menta wako kwa imeili: mwambie unataka muda kiasi gani

Mimi nipo oparesheni kwenye kampuni ya safari hapa Arusha, kazi yangu ni kupanga safari na kuzikosti, na vijana wengi wananiandikia wakitaka niwalee kikazi. Nyingi ya hizo imeili zinakuja hivi: "Shikamoo, navutiwa sana na kazi yako, naomba uwe menta wangu." Ni heshima kubwa na naichukulia hivyo, ila huwa nakwama kujibu, maana sijui naombwa nini. Ni simu kila wiki? Ni kazi anataka nimtafutie pembeni? Ni kwa mwaka mzima? Nikikubali nisichokijua naweza kumwangusha katikati, kwa hiyo naiacha nijibu baadaye, na baadaye yenyewe ndo hiyo sizoni inaanza.

Sasa kuna dada mmoja, muongoza watalii aliyehamia ofisini, aliniandikia mwezi wa nne. Kanipa ruhusa nioneshe alichoandika, nimeondoa majina tu. Kichwa cha imeili kilikuwa "Ombi: dakika 30 kwa mwezi, Aprili hadi Juni, kuhusu kukosti safari". Halafu ndani:

"Shikamoo kaka. Nilikusikia kwenye semina ukieleza namna ada za hifadhi zinavyohesabiwa. Nimeanza kutengeneza kotesheni mwaka huu. Nimekosti safari ya siku 4 ya wageni 2, Tarangire, Serengeti na Ngorongoro, na kila nikirudia inakuwa chini kuliko ya bosi wangu na sioni kosa liko wapi. Naomba dakika 30 mara moja kwa mwezi, kwa miezi 3, kwa simu au nije ofisini kwako siku utakayopanga. Kila mara nitatuma kotesheni moja siku mbili kabla, nikiwa nimeondoa bei za loji na jina la mgeni. Baada ya Juni tunaishia hapo. Kama haitawezekana, jibu fupi tu la siwezi linanitosha, na nitashukuru."

Nilimjibu siku ileile. Kwanza swali lake lina mwisho, hata kabla hajatuma faili nilishahisi tatizo liko wapi: wengi wanaoanza wanaweka ada ya Ngorongoro kwa siku ya kushuka kreta tu, wanasahau kwamba siku ya pili ukienda Serengeti unapita geti la Loduare na kukatiza ndani ya eneo la hifadhi ya Ngorongoro, na hapo unalipa pia. Alipotuma faili ilikuwa ni hilo. Lingine tukaligundua kwenye simu, ada ya Serengeti inahesabiwa masaa 24, ukiingia saa nane mchana leo unatakiwa uwe umetoka saa nane mchana kesho, na yeye alipanga mgeni ale lanchi taratibu kabla ya kutoka, muda ukawa umepita. Nusu saa ilitosha kabisa kwa hayo mawili.

La pili ni muda aliochagua. Aprili na Mei ni mvua za masika, kempu nyingine zinafungwa na ofisi zinapumua. Imeili hiyohiyo ingekuja Agosti ningeisoma usiku nimechoka na pengine nisingeijibu. Kama unayemwomba yuko fani nyingine angalia yeye anabanwa lini, mfano mhasibu ambaye mwaka wake wa hesabu unaisha Desemba usimwandikie Juni, kwa sababu ritani za TRA zinatakiwa ndani ya miezi 6.

Na la tatu, ambalo watu wengi hawaliwazi, aliondoa bei za loji mwenyewe. Bei ambazo kampuni inapewa na loji ni siri ya kibiashara, kijana akiniomba shiti yangu ya kostingi au akinitumia ya ofisi yake nzima nzima ananiweka pabaya na yeye anahatarisha ajira yake. Dada huyu alionesha anajua mpaka uko wapi, nikamwamini. Na usiambatanishe CV, ukiiweka ombi linageuka la kazi na mtu anajibu kama HR.

Usipojibiwa, baada ya wiki mbili hivi jibu juu ya imeili yako ileile kwa mistari miwili, usianze mpya, na usimfuate WhatsApp usiku. Ikinyamaza tena andikia mtu mwingine. Ukikubaliwa, wewe ndo utume nafasi mbili za siku na saa achague, wewe ndo upige simu, na dakika ya 30 ikifika aga hata kama mazungumzo yamenoga. Baada ya kikao cha tatu mwandikie umebadilisha nini kwenye kazi yako, halafu usiombe nyongeza kwenye imeili hiyohiyo. Mimi mwenyewe ndo nilimwambia dada yule anitafute tena Novemba, mvua za vuli zikianza.