Kusoma Namba ya Kituo Chako cha Kura kabla ya Kupanda Boti

Tuchukue mfano wa mama aliyejiandikisha kupiga kura Faza, kisiwani Pate, mwaka 2017, kisha akahamia Amu mjini. Skuli ya karibu na kwake hupigiwa kura kila uchaguzi na majirani wote huenda pale, kwa hivyo anaona na yeye ni wa pale. Siyo. Nchini Kenya mtu hupiga kura palipoandikwa jina lake, wala kuhamisha makazi hakuhamishi jina. Faza iko eneo bunge la Lamu Mashariki, na Amu mjini iko Lamu Magharibi.

Njia ya kujua ni kutazama daftari la wapiga kura la tume ya uchaguzi, IEBC. Katika uchaguzi wa 2022, tume iliweka ukurasa wa verify.iebc.or.ke, na asiye na intaneti alituma ujumbe kwa 70000: namba ya kitambulisho, alama ya #, halafu mwaka wa kuzaliwa, bila nafasi katikati, hivi:

```
12345678#1985
```

Kila uchaguzi usikilize tangazo la tume, kwani huduma hizi hufunguliwa kwa msimu wake. Namba iwe ya hati ile ile uliyojiandikishia. Aliyejiandikisha kwa pasipoti akiandika namba ya kitambulisho, hataonekana, na huenda akadhani amefutwa. Asikimbilie kujiandikisha upya: kujiandikisha mara mbili ni kosa kisheria. Atazame kwanza kwa hati ya awali, na ikishindikana aende ofisi ya tume ya eneo bunge lake.

Jibu likija, watu wengi husoma jina la skuli na kuishia hapo. Jina hilo ni la kituo cha kujiandikisha, na ndani yake huweza kuwa na vituo kadhaa vya kupigia kura. Sheria inataka kituo kimoja cha kura kisizidi wapiga kura 700. Wakizidi, hugawanywa kwa alfabeti ya majina, kila kundi na chumba chake, sanduku lake na makarani wake. Hayo makundi ndiyo yaitwayo mikondo.

Mkondo unaonekana kwenye namba ya kituo, ambayo ina tarakimu 15. Tuseme, kwa mfano tu, mama wetu ameona 005021010100302. Tarakimu tatu za kwanza, 005, ni kaunti ya Lamu. Tatu zinazofuata, 021, ni Lamu Mashariki. Angekuwa wa Amu mjini angeona 022. Halafu nne za wadi, 0101, tatu za kituo cha kujiandikisha, 003, na mbili za mwisho, 02, ndio mkondo. Kwa hivyo haendi tu kwenye skuli fulani ya Faza, bali kwenye chumba cha pili cha skuli hiyo.

Mbili hizo za mwisho ndizo hubadilika zaidi. Kituo kilichokuwa na watu 680 kilikuwa na mkondo mmoja. Wakiandikishwa vijana 40 wapya, wanakuwa 720, na lazima kigawanywe viwili. Aliyekuwa 01 huenda akawa 02 ilhali hajahama wala skuli haijahama. Ndiyo maana karatasi ya zamani haitoshi, na siku yenyewe inafaa usome orodha ya majina iliyobandikwa mlangoni kabla ya kupanga foleni. Litafute jina kama lilivyo kwenye kitambulisho. Huku kwetu Mohamed, Mohammed na Muhammad wamejaa ukurasa mzima, na herufi moja tu inaweza kukupeleka chumba kingine. Hakikisha kwa namba ya kitambulisho.

Sasa, huyu mama akitaka kupigia kura Amu, aombe kuhamishiwa, na ombi hilo hufanywa mbele ya ofisa wa usajili. Sheria inataka lifike tume si chini ya siku 90 kabla ya uchaguzi. Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, kwa hivyo siku 90 zinarudi hadi tarehe 12 Mei. Afadhali aende mapema, maana tume hutangaza ratiba yake ya usajili. Baadaye alitazame daftari tena: tarakimu za eneo bunge zikiwa bado ni 021, jina halijahama.

Akichelewa, hana budi kurudi Faza. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na aliye kwenye foleni wakati wa kufunga huruhusiwa kupiga kura. Aliye ndani ya boti hahesabiwi kuwa kwenye foleni. Maji yakikupwa, mlango wa bahari wa Mkanda hupitika kwa taabu, kwa hivyo amuulize nahodha saa za kujaa, au avuke siku moja kabla, na hati aliyojiandikishia iwe mfukoni.