Barua ya kuomba kulipa ada kwa awamu: tarehe ndizo tunazozisoma kwanza

Kila muhula unapoanza, ofisi ya fedha ya chuo hupokea barua nyingi zenye ombi moja: mwanafunzi hana ada yote na anaomba kulipa kidogo kidogo. Nyingi zinaeleza shida kwa kirefu, kwamba baba ni mgonjwa, mvua haikunyesha, biashara ya mama imeyumba. Tunaamini mengi ya hayo, lakini shida peke yake haimwezeshi mhasibu kuamua kitu. Anachohitaji ni kujua kiasi gani kitaingia, tarehe gani na kutoka wapi. Barua isiyojibu hayo matatu hurudishwa ikajazwe upya, na wakati inarudishwa siku za usajili zinaisha.

Anza na deni lenyewe. Kabla hujashika kalamu, ingia kwenye akaunti yako katika mfumo wa chuo uchapishe taarifa ya ada. Usitumie kiwango kilichoandikwa kwenye fomu ya kujiunga, wala hesabu ya kichwani. Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye ada yake ni shilingi 1,300,000 kwa mwaka, yaani 650,000 kwa muhula. Bodi ya Mikopo imempangia 500,000 za ada kwa mwaka, hivyo muhula huu analipiwa 250,000. Anayobaki kulipa mwenyewe ni 400,000, na hiyo ndiyo anayoombea awamu.

Hapa wengi huteleza. Mfumo ukionyesha deni la 650,000, maana yake fedha za Bodi hazijaingia kwenye akaunti yake, pengine kwa sababu bado hajasaini au malipo hayajafika chuoni. Mwanafunzi akiandika 400,000 bila maelezo, mhasibu anaona tarakimu mbili zisizolingana na barua inakwama. Sentensi moja inamaliza utata huo: taja kiasi cha mkopo, sema kwamba unasubiri kiingie, na ambatisha nakala ya mgawanyo wa mkopo wako. Kama una deni la mwaka uliopita, litaje pia. Sisi tutaliona hata usipolitaja, na ukilificha utatutia shaka kuhusu tarehe zako zote.

Tukishaelewana kuhusu deni, tunageukia ratiba. Kosa tunaloliona zaidi ni kugawa deni katika mafungu yanayolingana na kuyapanga mwisho wa kila mwezi, ilhali fedha za familia haziingii kwa mpangilio huo. Mwanafunzi wetu anatoka Masasi. Baba yake anauza korosho kupitia chama cha msingi cha ushirika, minada huanza Oktoba, na malipo huingia benki siku kadhaa baada ya mnada. Mama yake yuko kwenye kikoba kitakachovunja katikati ya Desemba. Kaka yake ni mtumishi wa umma, na mshahara wake hutoka baada ya tarehe 20 ya mwezi. Ratiba yake ifuate fedha hizo. Akiandika kwamba atalipa tarehe 15 Januari kwa mshahara wa kaka, ameahidi fedha ambazo siku hiyo hazitakuwepo, kwa kuwa mshahara wa Desemba utakuwa umeshaliwa na sikukuu na wa Januari haujatoka. Tarehe 29 Januari inatekelezeka.

Acha pia siku chache kati ya fedha kuingia na tarehe unayoiandika, maana mnada unaweza kusogezwa na kikoba kikachelewa kugawana. Hakikisha tarehe inaangukia siku ya kazi. Na awamu ya mwisho ikamilike kabla ya mitihani ya muhula, si wakati wa mitihani. Ofisi inapokubali awamu inakuruhusu kusajiliwa na kusoma ukiwa na deni, lakini kibali cha kuingia kwenye mtihani kwa kawaida hutolewa deni likiwa limekwisha. Ikiwa mitihani inaanza Jumatatu ya tarehe 8 Februari 2027, kumaliza Ijumaa ya tarehe 29 Januari kunabakiza wiki nzima ya kurekebisha kasoro yoyote kwenye mfumo.

Neno moja kuhusu bumu. Kila mwaka tunapata barua zinazoahidi kulipa ada kwa fedha za chakula na malazi. Mwanafunzi akifanya hivyo, mwezi unaofuata anakuja kwa mshauri wa wanafunzi akiwa na njaa, na awamu ya pili hailipiki. Mimi nikiiona bumu kwenye ratiba huuliza kwanza huyo mtu atakula nini.

Barua ya mwanafunzi wetu ingekuwa hivi, kwa ukurasa mmoja tu:

*(Jina kamili, namba ya usajili, programu na mwaka wa masomo, namba ya simu)*

*9 Novemba 2026*

*Mkurugenzi wa Fedha,*
*(Jina na anwani ya chuo)*

*K.K. Mkuu wa Idara*

*YAH: OMBI LA KULIPA ADA YA MUHULA WA KWANZA 2026/2027 KWA AWAMU*

*Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.*

*Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Ada yangu ya muhula wa kwanza ni shilingi 650,000. Kati ya hizo, shilingi 250,000 zinalipwa na Bodi ya Mikopo na bado hazijaonekana kwenye akaunti yangu. Ninazopaswa kulipa mwenyewe ni shilingi 400,000. Sina deni la mwaka uliopita.*

*Familia yangu haina kiasi hicho chote kwa sasa, kwa kuwa kipato chake kikubwa hutokana na korosho ambazo malipo yake yanaendelea kutolewa kadiri minada inavyofanyika. Hivyo naomba kulipa kama ifuatavyo:*

*Ijumaa, 20 Novemba 2026: shilingi 160,000, kutokana na malipo ya korosho ya baba.*
*Ijumaa, 18 Desemba 2026: shilingi 140,000, kutokana na mgao wa kikoba cha mama.*
*Ijumaa, 29 Januari 2027: shilingi 100,000, kutokana na mshahara wa kaka.*
*Jumla: shilingi 400,000.*

*Naomba niruhusiwe kusajiliwa wakati nikilipa kwa ratiba hii. Endapo tarehe yoyote italazimika kubadilika, nitaiarifu ofisi yako kwa maandishi kabla ya tarehe hiyo kufika.*

*Nimeambatisha taarifa ya ada, mgawanyo wa mkopo, stakabadhi ya mzigo wa korosho na barua ya mzazi yenye namba yake ya simu.*

*Wako mtiifu,*
*(Saini na jina)*

Tazama jinsi shida ilivyoelezwa kwa sentensi moja na ikatosha, kwa sababu viambatisho vinasema yaliyobaki. Stakabadhi ya mzigo uliopokelewa na chama cha msingi ina kilo na tarehe, na mhasibu akiiona anajua awamu ya kwanza ina msingi. Awamu ya kwanza pia ndiyo kubwa kuliko zote na iko karibu. Ratiba inayoanza na shilingi 50,000 na kusukuma 300,000 hadi mwisho tunaipokea kwa wasiwasi, maana tumeona mara nyingi hilo fungu la mwisho likishindikana wakati mtihani uko mlangoni.

Barua ipite kwa mkuu wa idara kama ilivyoandikwa. Wengine huiruka hatua hiyo ili kuokoa muda, nayo hurudishwa huko huko walikokwepa. Chapisha nakala mbili, moja uiache na nyingine ugongewe muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo unaonyesha siku barua ilipofika masjala, basi. Haumaanishi kwamba ombi limekubaliwa. Wapo wanafunzi wanaoondoka nao kwa furaha, wakaendelea na ratiba yao, kisha Januari wanakuta usajili wao haujawahi kufunguliwa. Subiri jibu la maandishi au ujumbe ndani ya mfumo, na siku chache zikipita kimya rudi uulize ukiwa na nakala yako mkononi. Soma jibu lenyewe pia, kwani ofisi inaweza kukubali awamu lakini ikabadilisha kiasi au tarehe. Michango kama bima ya afya mara nyingi haigawanywi, kwa kuwa chuo huipeleka kwingine, kwa hiyo iwekee fedha zake kando.

Ombi likikubaliwa, kinachofuata ni ankara. Vyuo vya umma Tanzania hupokea fedha kwa kumbukumbu namba ya malipo inayotolewa kupitia mfumo wa serikali, na kila ankara huwekewa masharti yake. Ipo inayokubali sehemu ya kiasi, na ipo inayodai kiasi kamili kama kilivyoandikwa. Ukipewa ya aina ya pili yenye shilingi 400,000, ukajaribu kulipa 160,000 kwa simu, malipo yatakataliwa, na utadhani tatizo ni mtandao. Muulize mhasibu mapema kama namba yako inaruhusu kulipa sehemu. Kama hairuhusu, omba ankara tatu tofauti, moja kwa kila awamu. Angalia pia tarehe ya mwisho ya kila namba, kwa sababu iliyotolewa Novemba huenda ikawa imeisha muda ifikapo Januari, na utahitaji nyingine. Usilipe kwa kumbukumbu namba ya mwenzako hata kama kiasi kinalingana. Fedha zitaingia kwenye akaunti yake, na kuzihamisha kunahitaji barua nyingine na siku nyingi.

Baada ya kila malipo, fungua taarifa yako ya ada uone deni limeshuka. Baada ya tarehe 20 Novemba, sehemu yako inapaswa kusoma 240,000, na baada ya tarehe 18 Desemba isome 100,000. Ikiwa bado iko palepale baada ya siku mbili tatu, peleka risiti ofisini siku hiyo hiyo. Kutafuta malipo ya wiki iliyopita ni rahisi kuliko kutafuta ya miezi miwili nyuma huku foleni ya vibali vya mtihani ikizunguka jengo.

Na kama mnada umesogezwa na baba hajalipwa? Andika kabla ya tarehe 20 kufika. Barua ya pili iwe fupi zaidi: taja tarehe na kumbukumbu ya ruhusa uliyopewa, sema awamu ipi inabadilika, toa tarehe mpya, na lipa chochote kilichopo siku ileile ya awali. Mwanafunzi aliyeahidi 160,000, akalipa 60,000 tarehe 20 na kuomba 100,000 zilizobaki zisogezwe hadi tarehe 4 Desemba, kwa kawaida ofisi haina sababu ya kumkatalia, mradi tarehe ya mwisho ya 29 Januari haijaguswa. Aliyenyamaza, mfumo unamsoma kama aliyevunja makubaliano, na anapokuja Februari mhasibu wa kaunta hana uwezo wa kumfungulia. Jalada lake linarudi kwa mkurugenzi, na mtihani haumsubiri.